Kitabu Kimoja, Waandishi Wawili: Namna ya Kugawana Sura, Sauti, Jina na Fedha

Marafiki wawili wakiamua kuandika kitabu pamoja, mara nyingi huanza kwa kugawana sura nusu kwa nusu: wewe chukua tano za mwanzo, mimi nichukue tano za mwisho, tukutane Desemba. Mimi kazi yangu ni kuhariri, hapa hapa Dodoma, na mswada uliogawanywa hivyo huwa unajitambulisha wenyewe. Sura ya kwanza hadi ya tano msomaji anaitwa "wewe". Kuanzia ya sita anaitwa "mkulima", kana kwamba ametoka nje na sasa anasemwa. Jambo lililoelezwa kwenye sura ya pili linaelezwa upya kwenye ya saba, tena kwa takwimu nyingine. Kisha wenyewe wananiuliza kama inatosha kusahihisha tahajia.

Ili maelezo haya yasielee hewani nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Ni wa kutunga, lakini umbo lake ni la kawaida kwetu. Bibi Shamba ni afisa ugani aliyezunguka na wakulima wa zabibu Mpunguzi, Hombolo na Chamwino kwa miaka mingi. Mwalimu ni rafiki yake wa Nkuhungu, anafundisha sekondari na ana kalamu nzuri. Wanataka kuandika mwongozo wa zabibu kwa mkulima mwenye ekari moja au mbili. Bibi Shamba anajua, ila ripoti za ofisini zimemharibia lugha. Mwalimu anaandika vizuri, ila hajawahi kushika mkasi wa kupogolea.

Hatua ya kwanza: sura moja ya majaribio

Msitie saini popote na msigawane kitu kabla ya kuandika sura moja mkiwa wawili. Chagueni sura ngumu, si utangulizi, kwa sababu utangulizi huandikika kirahisi na hauonyeshi mnatofautiana wapi. Hawa wetu wachague sura ya kupogoa, maana ndiyo wakulima wanayoikosea zaidi.

Kila mmoja aandike kurasa mbili za mada ileile bila kuona za mwenzake. Halafu kaeni meza moja mzisome kwa sauti. Bibi Shamba ataleta kitu cha namna hii:

"Mkulima anashauriwa kuhakikisha kwamba shughuli ya upogoaji inafanyika kwa kuzingatia idadi ya macho yanayopaswa kubakizwa katika kila tawi, ambayo ni mawili hadi matatu."

Mwalimu naye ataleta hivi:

"Ndugu msomaji, je, umewahi kujiuliza ni kwa nini mzabibu hupogolewa? Tafakari kidogo kabla hujaendelea."

Wa kwanza una ukweli wote lakini hakuna anayezungumza na yeyote. Wa pili unazungumza vizuri na hausemi kitu. Wakibishana nusu saa wanaweza kufika hapa:

"Pogoa ukiacha macho mawili au matatu kwenye kila tawi la msimu uliopita. Ukiacha mengi zaidi utapata vichala vingi lakini vidogo, na mnunuzi atavishusha bei."

Hiyo ndiyo sauti ya kitabu. Si ya Bibi Shamba wala si ya Mwalimu, na kila mmoja amepoteza kitu alichokipenda. Kama mmoja wenu hawezi kuvumilia kupoteza hata sentensi moja kwenye sura hii, amueni sasa kubaki marafiki bila kitabu. Gharama hadi hapa ni wikiendi moja tu.

Hatua ya pili: andikeni sauti kwenye karatasi

Makubaliano ya "tuandike kwa lugha rahisi" hayasaidii, kwa sababu kila mtu anaamini lugha yake ni rahisi. Chukueni ile aya mliyoafikiana mkaichambue: ni maamuzi gani yamefanyika ndani yake? Yaandikeni kwenye ukurasa mmoja ambao kila mmoja atakuwa nao akiandika.

Kwa kitabu chetu, uamuzi wa kwanza ni nafsi. Msomaji ni "wewe", mmoja, kitabu kizima. Si "mkulima", si "ninyi wakulima". Waandishi wanajiita "sisi", na neno "mimi" halitumiki isipokuwa pale Bibi Shamba anaposimulia jambo aliloliona yeye, na hapo atajwe.

Uamuzi wa pili ni kitenzi. Maelekezo yote yatolewe kwa amri: pogoa, funga, nyunyiza. "Inashauriwa" na "inapaswa" zifutwe zikionekana. Kwa mambo yanayotokea siku zote watumie "hu-": ubwiri unga hushambulia majani machanga. Hili linaonekana dogo, lakini mwandishi mmoja akiandika "hushambulia" na mwingine "unashambulia", msomaji wa huyo wa pili ataangalia shambani kwake kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Uamuzi wa tatu ni maneno. Bibi Shamba anasema "viuatilifu", wakulima wanasema "dawa". Hapa nashauri kitabu kiseme dawa, lakini kila mara kitaje ni dawa ya nini na kiambato chake, kwa mfano salfa kwa ubwiri unga. Mzabibu ni mmea, zabibu ni tunda, na wasichanganye. Maneno ya Kigogo yaingie au yasiingie? Mkulima wa Mpunguzi atafurahi akiyakuta, wa Kondoa anaweza kuyapita. Waamue mapema na waorodheshe yale machache yatakayobaki. Kwa tahajia, chagueni kamusi moja na ndiyo iwe mwamuzi.

Ukurasa huu utaongezeka kadiri kazi inavyoendelea. Kila mnapobishania neno na kuamua, liandikeni humo, ili msirudie ugomvi huohuo baada ya miezi mitatu mkiwa mmeshachoka.

Kuna vitabu ambavyo sauti mbili ndiyo utamu wenyewe: barua baina ya watu wawili, au kumbukumbu ambazo kila mmoja anasimulia upande wake. Huko acheni tofauti ibaki, ila kila sura ibebe jina la anayesema. Kitabu cha maelekezo hakimo kwenye kundi hilo.

Hatua ya tatu: gawaneni sura kwa aina ya wajibu

Tuseme kitabu kina sura tisa: mahali na udongo, miche na kupanda, nguzo na nyaya, kupogoa, magonjwa na wadudu, maji, kuvuna, hesabu za shamba, na kuuza kupitia ushirika wa AMCOS au kwa wanunuzi binafsi. Ukigawa kwa ujuzi, Bibi Shamba anabeba sita za mwanzo, ya kuvuna wanabeba pamoja, na Mwalimu anabaki na mbili za mwisho, ambazo kwa hesabu zake nzuri anaziweza akisaidiwa takwimu.

Sita kwa mbili inatisha. Hapo ndipo Mwalimu anapojisikia mnyonge, anaanza kudai sura ya maji "ili tulingane", na kitabu kinapata sura ya maji iliyoandikwa na mtu asiyejua mizizi ya mzabibu inafika wapi. Msifanye hivyo. Kila sura iwe na watu wawili wenye wajibu tofauti. Mmoja ni mwenye ukweli: analeta mambo yenyewe, takwimu, mifano, na ndiye atakayejibu mkulima akipata hasara. Mwingine ni mwenye lugha: anapanga mtiririko, anakata, anaandika upya sentensi. Katika sura ya kwanza hadi ya sita Bibi Shamba ni mwenye ukweli na Mwalimu ni mwenye lugha. Katika ya nane na ya tisa Mwalimu anaandika, Bibi Shamba anahakiki kama bei za nguzo na idadi ya vibarua vinafanana na maisha halisi.

Mgawo huu unatoa pia jibu la swali linalovunja urafiki kuliko yote: nani ana neno la mwisho? Kwenye ukweli, ni mwenye ukweli, hata kama sentensi itakuwa mbaya. Kwenye lugha, ni mwenye lugha, mradi hajabadilisha maana. Mkikwama kabisa, mtu wa tatu mliyemchagua tangu mwanzo aamue, na uamuzi wake usijadiliwe tena. Awe mtu anayewajua wote wawili na asiyekula nanyi kila Jumapili.

Bibi Shamba hana muda wa kuandika, na hilo ni la kweli kwa wataalamu wengi. Asilazimishwe. Akae na simu arekodi ujumbe wa sauti wa dakika kumi kwa kila kichwa kidogo, akielekeza kama anavyomwelekeza mkulima. Mwalimu aandike kutoka kwenye sauti ile. Faida yake ni kwamba Bibi Shamba akizungumza hasemi "anashauriwa kuhakikisha". Anasema "kata hapa". Sauti ya kitabu inapatikana bure. Rekodi zihifadhiwe hadi kitabu kitoke, maana siku mmoja atakaposema "mimi sikusema hivyo" zitahitajika.

Ratiba ifuate maisha yenu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katika majira ya kupogoa na kuvuna Bibi Shamba hapatikani. Mwalimu ana nafasi likizo ya Juni na ya Desemba. Kwa hiyo rekodi zifanyike katikati ya misimu, uandishi mzito uangukie likizo. Nimeona mikataba mizuri ikivunjika kwa sababu tu tarehe ya kukabidhi iliwekwa wiki ya mavuno.

Faili moja lishikwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Jina la faili lionyeshe sura, rasimu na aliyelishika mara ya mwisho:

```
sura04_rasimu1_bs
sura04_rasimu2_mw
sura04_rasimu3_bs
```

Aliye na rasimu ya juu kabisa ndiye pekee anayeruhusiwa kubadilisha. Mwingine akiwa na wazo aandike maoni, asiguse. Bila sheria hii mtajikuta na rasimu ya tatu mbili tofauti, kila moja ina kitu kizuri ambacho nyingine haina, na kuziunganisha ni kazi ya kuchosha kuliko kuandika upya.

Hatua ya nne: kalamu ya mwisho

Sura zote zikishakamilika, mtu mmoja apitie kitabu kizima kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mfululizo, akiwa na ule ukurasa wa sauti mkononi. Mtu mmoja tu. Mkigawana hapa, mnarudi mlikotoka. Kwa hawa wetu ni Mwalimu. Anatafuta marudio, takwimu zinazopingana, "inashauriwa" zilizojificha, na mahali ambapo sura moja inaisha bila kuungana na inayofuata.

Baada yake Bibi Shamba asome tena, lakini kwa swali moja: je, kuna sentensi iliyopendeza ikapoteza ukweli? Hutokea mara nyingi. "Acha macho mawili au matatu" inageuka "acha macho machache" kwa sababu inasomeka vizuri, na mkulima anabaki anakisia.

Namna ya kupima kama sauti imekuwa moja: chukueni kurasa mbili kutoka sura ya tano na mbili kutoka ya tisa, ondoeni majina, mpeni mtu anayewafahamu nyote. Mwambieni akisie nani ameandika nini. Akipatia bila kusita, kazi haijaisha. Pia msomeeni mkulima mmoja kwa sauti, shambani kwake kama inawezekana. Mahali anapokatiza akauliza "yaani?" ndipo pa kuandika upya.

Kuna dalili nyingine ambayo haimo kwenye karatasi. Sura zikirudi kutoka kwa mwenzako zikiwa na maneno "safi sana, endelea" na hakuna hata koma iliyoguswa, hajazisoma. Akianza kusema "kitabu changu" mbele ya watu, hajakubaliana na mgawo. Yote mawili yanazungumzika mapema. Yakiachwa mpaka jalada litengenezwe, yanageuka kesi.

Hatua ya tano: jina

Idadi ya maneno isiwe kipimo cha nani ni mwandishi. Kwa hesabu ya maneno Mwalimu ameandika karibu kitabu chote, na bila Bibi Shamba hana kitabu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo tupu. Inalinda kazi ilivyoelezwa. Kwa hiyo jamaa aliyewaambia mkiwa mnakunywa chai, "mbona hamuandiki kitabu cha zabibu?", si mwandishi, atajwe kwenye shukrani. Lakini mtu aliyerekodi saa nyingi za maelezo, na maneno yake yakaingia kwenye kurasa, mimi namhesabu mwandishi kamili, na ningegoma kuhariri kitabu kinachomficha.

Hapa angalieni kiunganishi. Jalada likisema "Bibi Shamba na Mwalimu", wote ni waandishi sawa. Likisema "Bibi Shamba, pamoja na Mwalimu", msomaji anaelewa kwamba mmoja ndiye mwenyewe na mwingine kasaidia. Likisema "kimesimuliwa na… kimeandikwa na…", ni kitu kingine tena. Chagueni kwa makusudi, msimwachie mchora jalada.

Nani atangulie? Njia tatu zinafanya kazi: alfabeti, mkikubaliana kwanza kama ni kwa jina la kwanza au la ukoo, aliyeleta wazo atangulie, au mpokezane, toleo la kwanza huyu, la pili yule. Kwa kitabu cha zabibu ningemtanguliza Bibi Shamba, kwa kuwa mkulima akiwa na swali atamtafuta yeye. Herufi zilingane ukubwa. Kisha kwenye dibaji wekeni sentensi mbili zinazosema nani alifanya nini: maarifa ya sura ya 1 hadi ya 6 ni ya Bibi Shamba, sura ya 7 ni ya wote wawili, sura ya 8 na ya 9 zimeandikwa na Mwalimu, lugha ya kitabu kizima imepangwa na Mwalimu. Sentensi hizo humaliza maswali ya watu wa nje.

Mkichapisha wenyewe mtaomba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Namba za hapa kwetu huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912. Katika maombi kuna jina la mwandishi na jina la mchapishaji. Jazeni majina yote mawili kama waandishi. Mchapishaji anaweza kuwa mmoja wenu, lakini makubaliano yaseme wazi kwamba kuonekana kama mchapishaji hakumpi umiliki zaidi. Hakimiliki inakuwapo kazi ikishaandikwa, bila kusubiri usajili. Hata hivyo kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina mawili kunawapa ushahidi wa tarehe.

Hatua ya sita: fedha

Kanuni ni mbili. Mtaji urudi kwanza kwa uwiano uliotolewa, ndipo faida igawanywe kwa uwiano wa kazi. Na kazi ya kuuza ilipwe peke yake, isichanganywe na kazi ya kuandika. Wanaosahau ya pili ndio wanaogombana zaidi.

Chukueni hesabu hii. Bei ni za mfano, ombeni za kwenu kutoka kwa wachapaji wawili watatu. Nakala 500 kwa 6,000 kila moja ni 3,000,000. Uhariri 600,000, jalada na mpangilio wa kurasa 400,000. Jumla 4,000,000. Mwalimu anatoa 2,500,000 na Bibi Shamba 1,500,000. Bei ya kitabu ni 12,000. Nakala 30 zinatolewa bure, kwa maktaba, kwa waliosoma rasimu na kwa waandishi wenyewe. Zinabaki 470.

Nakala 200 zinauzwa kwa mkono, kwenye mikutano ya wakulima, maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni na kazini. Hizo zinaleta 2,400,000. Nakala 270 zinakwenda madukani, na duka tuseme linachukua asilimia 35, kwa hiyo kila nakala inawarudishia 7,800, jumla 2,106,000. Mapato yote ni 4,506,000.

Sasa anayeuza kwa mkono, kwa kubeba maboksi na nauli ya bajaji, apewe 1,000 kwa kila nakala aliyouza. Mwalimu ameuza 140, Bibi Shamba 60, kwa hiyo 140,000 na 60,000. Zinabaki 4,306,000. Mtaji wa 4,000,000 unarudi, faida ni 306,000, nusu kwa nusu, 153,000 kila mmoja.

Ndiyo, 153,000 kwa kazi ya mwaka. Ni vizuri mlione hilo mkiwa bado mezani. Toleo la kwanza kwa kawaida linalipa gharama zake tu. Fedha inaonekana mkichapa tena, kwa sababu uhariri na mpangilio vimeshalipiwa. Nakala nyingine 500 zinagharimu 3,000,000, kila mmoja akitoa nusu. Mkigawa 10 bure, mkauza 200 kwa mkono na 290 madukani, mnapata 4,662,000. Toa 200,000 za wauzaji na mtaji, zinabaki 1,462,000, yaani 731,000 kwa kila mmoja.

Mtaji haurudi kwa siku moja. Ikishaingia milioni ya kwanza, baada ya kulipa wauzaji, Mwalimu achukue 625,000 na Bibi Shamba 375,000, kwa kuwa ndivyo walivyotoa. Wasigawane nusu "kwa sasa" wakitarajia kurekebisha baadaye. Mauzo yakikatika katikati, aliyetoa zaidi ndiye anayebaki na hasara kubwa kuliko inavyostahili.

Fedha zote zipite mahali pamoja. Chukueni lipa namba moja ya kitabu, wote wawili muweze kuona miamala, na daftari moja la nakala: zilizotoka, zimekwenda kwa nani, zimelipwa au bado. Hesabuni nakala zilizobaki kila mwezi. Maduka yanayochukua kwa mali kauli ndiyo yanayovuruga daftari, kwa hiyo kila nakala iliyoachwa dukani iwe na risiti yenye saini ya mwenye duka.

Mkipata mchapishaji, hesabu inabadilika. Hamtoi mtaji, mnapata mrabaha. Asilimia 10 ni kiwango cha kawaida, ila ulizeni ni asilimia 10 ya nini. Ikiwa ni ya bei ya jalada, 12,000, ni 1,200 kwa nakala. Toa kodi ya zuio ya asilimia 15 inabaki 1,020, sawa na 510 kwa kila mmoja. Ikiwa ni ya fedha inayomfikia mchapishaji baada ya punguzo la duka, 7,800, ni 780, na baada ya kodi mnabaki na 663 za kugawana. Mkataba uandike pia kwamba mchapishaji atamlipa kila mwandishi moja kwa moja sehemu yake. Akimlipa mmoja ampelekee mwenzake, mmemgeuza rafiki kuwa mdeni.

Kuhusu uwiano wa faida, nusu kwa nusu ndiyo ninayoipendekeza karibu kila mara kwa watu wawili. Mnaweza kukokotoa asilimia 57 kwa 43 kwa kuhesabu saa, na mtatumia saa nyingine nyingi kubishania hesabu hiyo. Uwiano tofauti unafaa pale tu mmoja ameingia kwa kazi inayopimika: sura moja kati ya tisa, au uhariri wa lugha pekee. Huyo wa mwisho mara nyingi ni bora alipwe ujira mara moja na atajwe, kuliko kupewa asilimia ya kitu ambacho huenda hakitauza.

Hatua ya saba: kurasa mbili zenye saini

Sasa yaandikeni. Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili, mkisaini mbele ya wakili au angalau mashahidi wawili, kila mmoja akabaki na nakala. Mengi yameshaamuliwa huko juu: sura, wajibu, neno la mwisho, jina, mtaji, faida. Yaliyobaki ni yale ambayo watu huona aibu kuyataja kwa rafiki, na hayo ndiyo yanayohitaji maneno kamili.

La kwanza ni mmoja kuacha katikati. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Mwandishi akishindwa kukabidhi sura yake siku 60 baada ya tarehe iliyokubaliwa, na baada ya kukumbushwa kwa maandishi, mwenzake anaweza kuimalizia sura hiyo. Aliyeacha atabaki na jina lake kwenye kitabu ikiwa angalau sura tatu alizozileta zimetumika, na mgao wake wa faida utakuwa asilimia 25. Ikiwa zimetumika chini ya tatu, atatajwa kwenye shukrani na kurudishiwa mtaji wake wote mauzo yakianza."

Namba mbadilishe mnavyotaka. Jambo la lazima ni kwamba kuwe na namba.

La pili ni kazi zitakazozaliwa na kitabu: tafsiri, kipindi cha redio, kitabu kifupi cha magonjwa tu kilichochukuliwa kutoka sura ya tano. Andikeni kwamba hakuna atakayemruhusu mtu wa nje bila saini ya mwenzake, na mwenzake asipojibu ndani ya siku 30 baada ya kuandikiwa, ukimya wake uhesabiwe kuwa kukataa. Wengine huandika kwamba ukimya ni kukubali. Mimi siungi mkono, kwa sababu mtu anaweza kuwa amelazwa hospitali. Mafunzo ambayo Bibi Shamba anawapa wakulima kwa maarifa yake mwenyewe yasiguswe na kifungu hiki, kwani ndiyo kazi yake tangu kabla ya kitabu.

La tatu ni kifo. Kwa sheria yetu hakimiliki ya kazi ya waandishi wawili hudumu maisha yao, na miaka 50 baada ya kufariki yule wa mwisho. Maana yake warithi wa Bibi Shamba wanaweza kujikuta wakishirikiana na Mwalimu, au na wajukuu wake, kwa miaka mingi sana. Andikeni kwamba mgao wa fedha unakwenda kwa warithi, lakini uamuzi wa kurekebisha maandishi unabaki kwa mwandishi aliye hai, na jina la aliyefariki haliondolewi. Mwenzi wa kila mmoja aonyeshwe karatasi hii sasa, wakati kila mtu yuko mezani na anaweza kuuliza.

La nne ni toleo la pili lenye mabadiliko. Dawa za zabibu hubadilika, bei za nguzo na nyaya hupanda, na baada ya miaka michache sura ya tano na ya nane zitakuwa zimechakaa. Semeni nani ana wajibu wa kuzirekebisha. Akikataa, mwenzake anaweza kumlipa mtaalamu mwingine ujira, kiasi hicho kikatwe kwenye faida ya aliyekataa, na mtaalamu huyo atajwe ndani ya kitabu bila jina lake kupanda kwenye jalada.